Ujumbe wa Kwanza kwa Mwenye Mkahawa

Mkahawa unaouza kupitia Glovo, Uber Eats au Bolt Food una ukurasa ambao mteja huuona kabla hajakiona chakula chenyewe: jina, saa za kazi, orodha ya vyakula, bei, picha na maoni ya waliokwisha kula. Ukurasa huo unataka mtu wa kuuangalia kila siku, na katika mikahawa midogo ya Mombasa au Nairobi mtu huyo mara nyingi hayupo. Mwenye mkahawa yuko sokoni alfajiri, jikoni mchana na kwenye hesabu usiku. Kwa hiyo kazi ipo, na mwenye simu yenye kamera nzuri na kalamu nyepesi anaweza kuifanya. Wengi hukwama kwenye ujumbe wa kwanza.

Ujumbe unaofutwa hujulikana kwa mstari wake wa mwanzo. Unasema mtumaji anatoa huduma za kidijitali na kwamba atakuza biashara. Hautaji chakula hata kimoja kinachopikwa pale, kwa hiyo ungeweza kutumwa kwa duka la simenti bila kubadilisha neno. Mwenye mkahawa hupokea nyingi za namna hiyo, pamoja na zile za matapeli wanaotuma viungo vya kubofya. Hana sababu ya kuzitenganisha.

Ujumbe unaojibiwa huanza kwa jambo ambalo mtumaji ameliona kwa macho yake, ambalo mwenye mkahawa anaweza kulithibitisha kwa simu yake ndani ya dakika moja, na ambalo linampotezea oda. Jambo moja latosha, na yakizidi mawili mpokeaji huhisi anasutwa. Kulipata si kazi ngumu. Mtumaji hukaa katika mtaa ulio karibu, kwa kuwa apu hizi humwonyesha mteja mikahawa iliyo umbali wa kufikiwa na bodaboda, kisha hufungua ukurasa saa ambayo watu wana njaa, mchana au baada ya isha, na kuusoma kama mnunuzi. Chakula kipi hakina picha? Bei za kwenye apu zinalingana na ubao wa ukutani? Je, mkahawa unaonyeshwa uko wazi wakati milango imefungwa?

Hilo la saa ndilo linaloumiza zaidi, ingawa huonekana dogo. Tuseme hoteli fulani ya Mombasa hufunga jiko saa tatu usiku, lakini kwenye apu inasomeka iko wazi mpaka saa tano. Mteja anaagiza saa tatu na nusu. Tableti inalia kaunta bila mtu wa kuisikia, oda inafutika, mteja analala njaa na baadaye anaacha nyota moja. Mwenyewe hajui lolote, kwa sababu kwake usiku huo haukuwa na oda. Mkahawa unaoacha oda zikipotea mara kwa mara huweza kushushwa chini kwenye orodha au kufungwa kwa muda. Chakula kilichokwisha na bado kinaonyeshwa kipo huleta hasara ya namna hiyohiyo, na dawa yake ni mtu wa kukizima kwenye tableti mara sufuria inapokwisha.

Kwa hoteli hiyo, inayosifika kwa biriani ya Ijumaa na samaki wa kupaka, ujumbe ungeweza kuwa huu:

"Salaam aleikum, mama. Ni mteja wako wa biriani ya Ijumaa, naishi hapa Majengo. Jana usiku nilifungua Glovo nikaona hoteli yako inaonyesha iko wazi mpaka saa tano, nanyi mnafunga saa tatu. Pia samaki wa kupaka hana picha. Nimekuwekea picha za skrini hapo chini ujionee. Saa mwaweza kuzirekebisha wenyewe leo, ni kazi ya dakika mbili, na nikiitwa nitaonyesha. Mimi hushughulikia kurasa za mikahawa: orodha na bei, picha za vyakula, na majibu kwa wateja. Ukiridhia, nitapita siku moja wakati samaki wanatoka jikoni nipige picha moja, bila malipo, iwe yako hata tusipofanya kazi pamoja. Sihitaji pasiwadi wala chochote cha pesa. Nije Jumanne, au kuna mtu wa hoteli niongee naye kwanza?"

Salamu na neno "mama" vinampa mpokeaji heshima anayoitarajia kutoka kwa kijana wa mtaani, na biriani ya Ijumaa inathibitisha kwamba mtumaji ni mteja kweli. Ikiwa hajawahi kula pale, asiandike hivyo. Akanunue sahani kwanza. WhatsApp humwonyesha mpokeaji maneno machache ya mwanzo kabla hajafungua ujumbe, kwa hiyo maneno hayo yabebe chakula au jina la hoteli. Picha za skrini zinawekwa, lakini kiungo hakiwekwi, maana kiungo kutoka namba ngeni ndiyo alama ya utapeli. Kosa la saa linaelezwa pamoja na namna ya kulirekebisha bila kumlipa mtu. Anayetoa bure kitu ambacho angeweza kukishikilia huaminiwa upesi, na mwenye mkahawa huanza kujiuliza ni mangapi mengine ambayo hajayaona.

Ahadi ya picha moja, tena ya chakula kinachotoka jikoni kwa ajili ya wateja, ina sababu yake. Anayeahidi kupiga picha vyakula kumi bure hufikiri anatoa zawadi, kumbe anamwomba mwenye mkahawa apike vyakula kumi visivyo na mnunuzi. Sahani inayopita kuelekea mezani haimgharimu mtu. Huwekwa karibu na dirisha au mlango, taa ya dari ikizimwa kwa sababu hugeuza wali kuwa wa manjano na mchuzi wa nazi kuwa kijivu. Samaki wa kupaka hupendeza kamera ikiinama kidogo kutoka upande wa mlaji, ili unene wa rojo uonekane. Biriani iliyopakuliwa kwenye sinia hupigwa kutoka juu. Kipimo kiwe kilekile kinachotiwa ndani ya boksi la oda. Picha ya samaki mzima kwa bei ya kipande italeta oda za wiki moja na malalamiko ya mwezi mzima. Picha ya kuokota mtandaoni ni mbaya zaidi, kwa kuwa mteja wa zamani huitambua papo hapo.

Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha hoteli mara nyingi ni simu ya oda, nayo hushikwa na kijana wa kaunta. Ujumbe ukiishia hapo humezwa na oda za chapati. Ni heri kupita, kununua chai, na kuuliza nani anashughulika na mambo ya Glovo. Saa nzuri ya kutuma ni tisa hadi kumi alasiri, kati ya msongamano wa mchana na maandalizi ya jioni. Ijumaa mchana haifai kabisa.

Bei haitajwi katika ujumbe wa kwanza, ila mtumaji lazima aijue kabla hajautuma, kwa sababu jibu la kwanza huwa "Ni pesa ngapi?" Hesabu yake huanzia kwenye sahani. Tuseme biriani ya kuku inauzwa kwenye apu kwa shilingi 600 na kamisheni ni asilimia 30, kiwango ambacho si kigeni katika biashara hii. Apu inachukua 180, mkahawa unabaki na 420. Nyama, mchele, gesi na boksi vikila 300, kilichobaki ni 120. Anayetaka kulipwa 8,000 kwa mwezi anamtaka mwenye mkahawa auze sahani 67 zaidi ya alizokuwa akiuza, yaani zaidi ya mbili kila siku, ndipo arudishe hiyo ada tu. Kwa hoteli inayopata oda nne kwa siku, ombi hilo ni zito. Kwa inayopata thelathini ni jepesi. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha ni mikahawa gani ya kuandikiwa, na inafaa ifanywe mbele ya mwenyewe kwa kutumia namba zake halisi. Pia hufichua jambo ambalo wengi hawalijui: sahani inayouzwa 500 mezani inahitaji kuuzwa takriban 715 kwenye apu ili mkahawa ubaki na 500 ileile.

Maneno "sihitaji pasiwadi" yawe ya kweli. Kwenye Google, mwenye biashara huingia sehemu iitwayo People and access na kumwongeza msaidizi kwa baruapepe yake kama Manager. Msaidizi wa daraja hilo hubadilisha saa, huweka picha na kujibu maoni, lakini hawezi kuufuta ukurasa wala kuwaondoa wengine. Kwa apu za chakula, mwenyewe aombe nafasi ya mtumiaji wa pili isiyogusa malipo. Akaunti ya benki au namba ya M-Pesa inayopokea mauzo haimhusu msaidizi hata kidogo.

Hapo ndipo kikwazo cha kawaida hujitokeza. Mama anajibu, "Kijana wangu ndiye aliyefungua hiyo." Ukiuliza zaidi, kijana yuko Doha mwaka wa pili, na ukurasa umesajiliwa kwa baruapepe yake. Jibu zuri si kumponda kijana. Ni kumwomba mama ampigie simu amwongeze yeye mwenyewe kuwa mmiliki, kwanza mama, kisha ndipo msaidizi. Kijana asipopatikana, Google ina utaratibu wa kuomba umiliki: aliyeushika ukurasa huandikiwa na kupewa siku chache ajibu. Ombi hilo lipelekwe kwa jina la mama, si la msaidizi.

Kuhusu majibu kwa wateja, kilicho bora kutuma mazungumzo yakianza ni jibu moja lililoandikwa tayari. Mteja ameandika kwamba biriani ilifika baridi na bila kachumbari. Kachumbari ni kosa la jikoni, baridi huenda ni ya njiani, na mteja hataki kusikia tofauti hiyo. Jibu linalofaa ni hili: "Pole sana. Kachumbari ilisahauliwa hapa kwetu wakati wa kufunga, na biriani ilipaswa kukufikia ya moto. Tuandikie namba ya oda kupitia apu tuifuatilie." Halimlaumu wa bodaboda wala haliahidi pesa, maana kurudisha pesa ni uamuzi wa mwenye mkahawa na wa apu. Pia halimwahidi mteja soda ili abadilishe nyota zake. Google inakataza kutoa chochote kwa ajili ya maoni. Malalamiko ya mtu kuumwa tumbo, nywele kwenye chakula au lugha chafu ya mhudumu hayajibiwi na msaidizi kabla mwenyewe hajaambiwa, na mpaka huo unatajwa mapema, hata kabla ya kukubaliana bei.

Kimya kikipita wiki nzima, ujumbe wa pili unaruhusiwa, mmoja tu, nao ulete kitu kipya: kwa mfano kwamba saa sasa zimerekebishwa na zinaonekana vizuri, na picha ya samaki bado inangoja. Ukikosa jibu tena, mtumaji aendelee kununua biriani yake na kuandikia hoteli nyingine.