Maswali na majibu: kwa nini radi hurudia kupiga majengo marefu

Kila msimu wa masika na wa vuli, wakazi wa Lushoto huuliza mambo yaleyale kuhusu radi. Makala haya yamekusanya maswali hayo pamoja na majibu yake, yakianza na lile linalobishaniwa zaidi.

Swali: Je, ni kweli kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili?

Jibu: Si kweli. Jengo la Empire State la jijini New York, lililofunguliwa mwaka 1931, hupigwa na radi kwa wastani wa zaidi ya mara 20 kwa mwaka. Radi haina kumbukumbu ya mahali ilipokwishapiga. Sababu iliyoifanya ipige mara ya kwanza, yaani urefu wa jengo na mahali liliposimama, ingali ipo siku ya pili.

Swali: Urefu unahusianaje na radi?

Jibu: Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu husuguana na kugawana chaji za umeme. Chaji hasi hukusanyika sehemu ya chini ya wingu. Zikizidi, umeme huanza kushuka kwa hatua, kila hatua ikiwa na urefu wa makumi ya mita, bila kujua utaangukia wapi. Unapokaribia ardhi, vitu vilivyochomoza, kama mti, mnara au paa, huanza kurusha cheche ndogo kwenda juu kuupokea. Cheche itakayokutana nao kwanza ndiyo inayokamilisha njia, na hapo ndipo radi hupiga. Kwa hiyo kitu kirefu hakiiti radi kutoka mbali angani. Kinachotokea ni kwamba, katika makumi ya mita za mwisho, hukutana nayo kabla ya majirani zake.

Swali: Tofauti kati ya mnara na nyumba ya kawaida ni kubwa kiasi gani?

Jibu: Wahandisi hukadiria kwamba jengo hupokea radi ambazo zingeanguka ndani ya umbali wa mara tatu ya kimo chake. Tuchukue mnara wa simu wenye mita 40. Eneo lake ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 120, yaani takribani mita za mraba 45,000. Sasa tuchukue jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 8 na kimo cha mita 5. Eneo lake, likijumlishwa na ukanda wa mita 15 kulizunguka, ni takribani mita za mraba 1,700.

Tuseme, kwa mfano, kilomita moja ya mraba hupigwa mara 10 kwa mwaka. Mnara ule ungetarajiwa kupigwa mara moja katika kila miaka miwili hivi, na madarasa yale mara moja katika miaka 60. Vikiwa vimesimama peke yake juu ya kilele, makadirio huzidishwa mara mbili: mnara kila mwaka, madarasa kila miaka 30. Katika Usambara, ambako upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima na kujenga mawingu, na ambako shule na nyumba nyingi za ibada zimejengwa migongoni mwa vilima, hesabu hiyo ya kilele inatuhusu moja kwa moja.

Swali: Je, kuwapo kwa mnara karibu na shule kunatosha kuikinga?

Jibu: Hapana. Kinga ya mnara ina mpaka, na radi hafifu huweza kupita pembeni na kupiga jengo fupi lililo jirani. Mwezi Juni mwaka 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, na kuwaua wanafunzi 18. Darasa lisilo na mfumo wa kinga si mahali salama, hata kama lina paa na kuta.

Swali: Mfumo wa kinga hufanyaje kazi? Wengine husema chuma hicho ndicho kinachovuta radi.

Jibu: Mfumo una sehemu tatu: ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka ukutani, na fimbo za shaba zilizozikwa ardhini, ambazo mafundi huziita ethi. Kazi yake ni kuupa umeme njia ya kufika ardhini bila kupitia kuta, nyaya za taa au miili ya watu.

Udhaifu mara nyingi huwa ardhini. Radi ya kawaida hubeba takribani ampea 30,000. Ethi yenye ukinzani wa omu 10, kiwango ambacho mafundi hukilenga, huifanya ncha ya waya ipande hadi volti 300,000 kwa kitambo kifupi mno. Katika udongo wa mawe wa kilele, ukinzani ukifika omu 100, volti huwa 3,000,000, na umeme huweza kuruka kutoka kwenye waya hadi kwenye bomba au mtu aliye karibu. Kwa hiyo ethi ipimwe wakati wa kiangazi, udongo unapokuwa mkavu na ukinzani uko juu. Kamati ya shule inaweza kuona dalili nyingine bila kipimo: waya uliokatika au kuibwa, viungio vilivyolegea au vyenye kutu, na waya uliopindwa kwa kona kali. Ncha iliyobaki juu huku waya wake umekatwa ni hatari, kwa kuwa hupokea umeme usio na mahali pa kwenda.

Swali: Je, kioo, nguo nyekundu au simu ya mkononi huvuta radi?

Jibu: Hapana. Rangi ya nguo haina athari, na kioo au simu ni vitu vidogo mno kubadili njia ya umeme unaoshuka kutoka wingu. Hatari ni simu iliyochomekwa kwenye chaji, kwa kuwa umeme huweza kuingia kwa nyaya za nyumba.

Swali: Radi inapoua watu au ng'ombe kadhaa chini ya mti mmoja, si dalili kwamba imetumwa?

Jibu: Hapana. Umeme ukifika kwenye shina huenea ardhini, na volti hupungua kadiri unavyokwenda mbali na mti. Ng'ombe ambaye miguu yake ya mbele iko karibu na shina na ya nyuma iko mbali hupitishiwa mkondo kifuani. Ndiyo maana kundi zima huanguka pamoja huku jirani aliyesimama kando akinusurika. Jambo hili halina mkono wa mtu, na hakuna jirani anayestahili kushtakiwa kwa ajili yake.

Swali: Je, aliyepigwa na radi anaweza kumrusha umeme anayemgusa?

Jibu: Hapana, mwili haubaki na umeme. Hofu hii huua, kwa sababu mara nyingi moyo na pumzi husimama, na dakika za mwanzo ndizo zenye uwezekano wa kumwokoa. Mhamishieni mahali salama kama radi bado inapiga. Asipopumua, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mmpulizie pumzi kama mnafahamu namna yake, hadi apelekwe kituo cha afya.

Swali: Tutajuaje muda wa kuingia ndani?

Jibu: Hesabuni sekunde kutoka kumeta hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni takribani kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10. Ondokeni shambani, chini ya miti na kwenye vilele, mkaingie katika jengo lenye kinga au ndani ya gari lenye bodi ya chuma. Tokeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.