Luteni aliyekimbilia nchi jirani

Katika mitihani ya sheria ya kimataifa kuna swali lisilochoka kurudi, na sura yake haibadiliki sana. Luteni wa nchi ya Alfa ameshiriki jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Walipokuwa wakiteka kituo cha redio, alimpiga risasi mlinzi akafa. Wiki tatu baadaye, kwa mujibu wa Alfa, alitega bomu sokoni, likaua wachuuzi wanne. Sasa yuko Beta, na Alfa inataka arudishwe. Wenzake waliokamatwa wanasema walipigwa shoti za umeme rumande. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 na ule wa mwaka 1997 wa kukomesha ulipuaji mabomu wa kigaidi. Je, Beta imrudishe?

Wanafunzi wengi huyachanganya mambo mawili hapa. Utetezi wa kosa la kisiasa huangalia alichokifanya mtuhumiwa. Kizuizi cha mateso huangalia atakachofanyiwa. Kila kimoja kina kipimo chake, na kushindwa katika kimoja hakuondoi kingine.

Kuhusu kosa la kisiasa, rejea ya zamani ni kesi ya Castioni. Mwezi Septemba 1890, wananchi wa jimbo la Ticino, Uswisi, waliivamia serikali yao mjini Bellinzona. Katika vurumai hiyo Angelo Castioni alimuua kwa risasi Luigi Rossi, mjumbe wa serikali ya jimbo, kisha akatorokea Uingereza. Mwaka huohuo mahakama ya London ilikataa kumrudisha: mauaji yale yalikuwa sehemu ya ghasia za kisiasa zenyewe.

Mwaka 1894 alifikishwa mbele ya mahakama hiyo Meunier, mfuasi wa siasa ya kupinga serikali za aina zote, aliyetuhumiwa kulipua mkahawa na kambi ya jeshi jijini Paris. Yeye alirudishwa Ufaransa. Majaji walisema kosa la kisiasa linahitaji pande zinazogombea kuongoza dola, ilhali watu wa kundi lake hawakutaka dola yoyote, na mashambulizi yao yaliwalenga zaidi raia wa kawaida.

Luteni wetu anasimama katikati ya kesi hizo mbili. Kifo cha mlinzi kilitokea ndani ya jaribio la kutwaa madaraka, hivyo kinafanana na cha Rossi. Bomu la sokoni halifanani nacho. Isitoshe, ibara ya 11 ya mkataba wa mwaka 1997 inasema wazi kwamba ulipuaji wa namna hiyo usihesabiwe kosa la kisiasa kwa madhumuni ya kumrejesha mtuhumiwa. Kwa shtaka la bomu, basi, utetezi huo umeanguka.

Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini, na hapo ndipo alama hupotea. Ibara ya 3 ya Mkataba Dhidi ya Mateso inakataza kumrudisha mtu yeyote pale penye sababu za msingi za kuamini kwamba atakuwa hatarini kuteswa. Haibagui gaidi na mwanafunzi. Uzito wa kosa hauwekwi kwenye mizani.

Tuseme Alfa inaleta barua ya kuahidi kwamba Luteni hataguswa. Barua hiyo ina thamani gani? Kesi ya Soering inasaidia kupima. Kijana huyo Mjerumani alikamatwa Uingereza mwaka 1986, akitakiwa Virginia, Marekani, kwa mauaji ya watu wawili. Mwaka 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kumpeleka akakabili miaka sita hadi minane ya kusubiri kuuawa kungekuwa kumtendea unyama. Mwendesha mashtaka wa Virginia alikuwa ameahidi tu kumfikishia hakimu matakwa ya Uingereza. Marekani ilipohakikisha kwamba hatashtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo, alisafirishwa mwaka 1990.

Lakini adhabu ya kifo hutamkwa mahakamani, kila mtu akisikia. Mateso hufanyika chumbani, na anayeyafanya huyakana. Kwa hiyo barua ya Alfa lazima ihojiwe: imesainiwa na nani, na je, walinzi wa rumande watamtii? Kuna chombo huru kitakachomtembelea Luteni bila taarifa na kuzungumza naye faragha? Ahadi za nyuma zilitimizwa? Iwapo wenzake wameteswa na hakuna wa kukagua, barua haitoshi.

Jibu kamili halikomei kwenye kukataa. Ibara ya 8 ya mkataba wa mwaka 1997 inaitaka nchi isiyomrudisha mtuhumiwa ipeleke shauri kwa waendesha mashtaka wake yenyewe. Kwa hiyo Beta haina ruhusa ya kumtesesha Luteni, wala haina ruhusa ya kulifumbia macho bomu la sokoni. Jalada la wachuuzi wale wanne linapaswa kufunguliwa Beta.