Bei Isitangulie Salamu

Fundi wa viyoyozi akiingia saluni na kadi mkononi, akauliza kama wanahitaji sevisi, jibu huwa ni lilelile: "Kwa sasa bado, acha namba." Tatizo si bei, maana bei yenyewe haijatajwa. Mwenye saluni hamjui, na mtu usiyemjua humpi mashine yako aifungue mbele ya wateja. Kwa hiyo watoa huduma wadogo wanaojua kutafuta kazi humzoea mteja kwanza, kwa mawasiliano mepesi matatu au manne, ndipo waseme wanachouza.

Tumfuate fundi mmoja wa mfano, wa Sinza, Dar es Salaam. Joto la jiji hukaza Desemba hadi Machi, na miezi hiyo kila fundi anatafutwa. Yeye anaanza Septemba. Anachagua biashara chache, tuseme 10, ambazo kiyoyozi ni mali ya mwenye biashara. Aliyepanga chumba chenye mashine ya mwenye nyumba hana uamuzi, hata mkizoeana vipi.

Mara ya kwanza anaingia saluni kunyoa. Anaona mashine inadondosha maji, na chini yake wamekinga ndoo. "Dada, mashine yako huenda ni nzima," anasema. "Mara nyingi ni lile bomba la kutolea maji nje ndilo limeziba utelezi. Mwambie kijana alizibue kule nje kwenye ncha yake." Analipa pesa ya kunyoa. Dada akiuliza, "Kumbe wewe ni fundi?" wanapeana namba, naye anamwomba aihifadhi. Hilo si dogo: kwenye WhatsApp, kwa kawaida stetasi zako huonwa na mtu mliyehifadhiana namba, na ujumbe wa orodha ya matangazo haumfikii ambaye hakuhifadhi yako.

Baada ya wiki moja hivi anamwandikia: "Dada, habari za kazi. Nyuma ya mfuniko wa mbele wa mashine yako kuna vichujio. Saluni ina nywele na poda, vinaziba haraka. Vitoe kila wiki mbili, vioshe kwa maji, vikauke kivulini ndipo uvirudishe." Basi. Hakuna bei wala "karibu tukuhudumie". Dada akifanya hivyo, upepo unaweza kuongezeka siku hiyohiyo, na atakumbuka nani alimwambia.

Wengi huona hapo wanagawa riziki yao bure. Lakini kuosha kichujio si kazi inayomlisha fundi. Kazi yake ni kuosha koili na feni ya ndani kwa pampu, kukagua umeme na kutafuta panapovuja, mambo ambayo dada hatayajaribu mwenyewe.

Mara ya tatu, wiki mbili tatu baadaye, anampa neno la kumkinga asiibiwe: "Ukiambiwa gesi imeisha, uliza imevujia wapi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Ukijaziwa bila panapovuja kuzibwa, utalipa tena."

Sasa anasubiri dalili. Tiki za bluu hazisemi mengi. Zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Dalili ya kweli ni mteja kuuliza jambo lake mwenyewe: anatuma video ya mashine inayopiga kelele, au anauliza, "Na ya nyumbani je?" Hapo fundi asizunguke tena. Anataja kazi moja ndogo na bei yake: "Jumatatu asubuhi kabla hujafungua, nitaiosha mashine moja, ndani na nje, kwa shilingi 35,000." Mkataba wa sevisi kila miezi mitatu unasubiri mpaka dada aone kazi ya kwanza.

Mambo huharibika kwa njia mbili. Moja ni kutuma picha za "asubuhi njema" kila siku. Hizo hazimsaidii mteja, zinamfundisha kukupita bila kusoma. Nyingine ni kuficha tangazo ndani ya ushauri, kwamba vichujio vioshwe, halafu mwishoni "na wiki hii tuna punguzo". Akigundua mara moja, ushauri wote uliotangulia ataushuku. Na jumbe tatu zikipita bila jibu, acha kumwandikia, stetasi zitatosha.

Njia hii ina mpaka wake. Mtu anayepiga simu saa nane mchana mashine imezima na wateja wanatoka jasho hahitaji kuzoewa. Mtajie gharama ya kuja kukagua na saa utakayofika, kisha uondoke na vifaa vyako.