Chembe nyekundu zinazokufa kabla ya siku zao

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kabla ya kutoka kwenye uboho hutupa kiini chake, na muda mfupi baadaye hupoteza uwezo wa kutengeneza protini mpya. Kuanzia hapo haiwezi kurekebisha kilichoharibika. Vimeng'enya ilivyozaliwa navyo na utando unaoizunguka ndivyo itakavyovitumia mpaka mwisho. Kwa hiyo kasoro ya kurithi katika kimoja cha vitu hivyo haiizuii chembe kuzaliwa, ila huyafupisha maisha yake.

Ufupi huo hauonekani mara moja. Uboho wa mtu mwenye lishe nzuri unaweza kuongeza kazi yake mara sita hadi nane, hivyo maisha ya chembe yakishuka hadi siku 40, damu bado inaweza kubaki katika kiwango cha kawaida. Mtu huyo hana dalili ya kupungukiwa damu, lakini macho yake huenda yana umanjano kidogo, na damu yake imejaa chembe changa. Ni hali ya kusawazisha kwa shida, na jambo dogo linatosha kuivuruga.

Kasoro mbili zinafaa kutazamwa pamoja kwa sababu kila moja inamuua mwathirika wake kwa njia tofauti. Ya kwanza ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfeti dihidrojenezi, ambacho hospitalini hutajwa kwa kifupi chake, G6PD. Hii ni miongoni mwa kasoro za vimeng'enya zilizoenea zaidi duniani, hasa katika nchi ambazo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi: Afrika, pwani za Mediterania, Uarabuni na Asia. Ya pili ni sferositosisi ya kurithi, kasoro ya utando inayozifanya chembe ziwe tufe badala ya kisahani. Hii huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambako inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000, na ni nadra kwa Waafrika.

Kimeng'enya cha G6PD kina kazi moja kubwa ndani ya chembe nyekundu. Huvunja sehemu ya glukosi kwa njia inayozalisha NADPH, na NADPH hiyo huirudishia glutathioni nguvu ya kuzima peroksidi na sumu nyingine zinazotokana na oksijeni. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu, isiyo na kiini wala mitokondria, inategemea njia hii. Ikipungua, chembe huendelea na kazi yake vizuri siku za kawaida. Sumu ikizidi ghafla, hemoglobini huharibika na kuganda vipande vinavyonata kwenye utando kutoka ndani. Chembe inapopita kwenye bandama, vipande hivyo hung'olewa pamoja na sehemu ya utando, na chini ya hadubini inayobaki huonekana kama imemegwa pembeni. Nyingine hupasuka humo humo mishipani, na hemoglobini yao hutoka na mkojo, ambao huwa mwekundu wa kahawia au mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Maarifa haya yalipatikana kwa gharama ya watu ambao ridhaa yao haiwezi kuitwa huru. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois nchini Marekani, wafungwa walitumiwa katika majaribio ya dawa za malaria tangu miaka ya 1940. Ilikwisha kujulikana kwamba primakwini iliwapunguzia damu baadhi ya watu weusi wa Marekani, lakini sababu haikujulikana. Mwaka 1954 Raymond Dern, Alf Alving na wenzao walieleza jaribio la kubadilishana damu. Walichukua chembe za mtu aliyewahi kudhurika na dawa, wakazitia alama ya kromiamu yenye mnururisho, wakampa mtu asiyedhurika. Mpokeaji alipomeza primakwini, chembe hizo za ugenini ziliangamia huku zake mwenyewe zikibaki salama. Walipogeuza jaribio, chembe za mtu asiyedhurika zilinusurika ndani ya mwili wa aliyedhurika. Kosa basi halikuwa kwenye ini, bandama wala maji ya damu, bali ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake, Alving akiwamo, walilitaja kosa hilo: upungufu wa G6PD.

Jaribio jingine la kundi hilo ndilo lenye funzo kubwa kwa wauguzi na madaktari wa leo. Mtu mwenye aina ya upungufu iliyo ya kawaida Afrika, iitwayo A−, alipopewa miligramu 30 za primakwini kila siku, siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili au ya tatu damu ilianza kushuka na mkojo ukawa mweusi. Iliendelea kushuka kwa takriban wiki moja, kisha, ingawa dawa haikusimamishwa, ikaacha kushuka na kuanza kupanda. Watafiti walitia alama ya chuma chenye mnururisho ili wajue umri wa chembe. Zilizokuwa na siku 8 hadi 21 zilistahimili dawa, na zile za siku 63 hadi 76 ziliharibiwa.

Maelezo yake yako kwenye kimeng'enya chenyewe. G6PD ya aina ya A− hutengenezwa ikiwa ya kutosha, ila huchakaa haraka. Ile ya kawaida hupungua kwa nusu katika siku 62 hivi, ya A− katika siku 13. Chembe changa ina akiba, kongwe haina. Dawa huwaua wazee, uboho hujaza nafasi kwa vijana, na vijana hao hustahimili dozi ile ile. Aina iliyoenea Mediterania na sehemu kubwa ya Uarabuni, Oman ikiwamo, ni kali zaidi: hata chembe changa zina kimeng'enya kidogo mno, hivyo kuendelea kwa dawa ni kuendelea kwa uharibifu. Ndiyo maana maharage ya ful, yaliwayo asubuhi katika nchi nyingi za Kiarabu, yanaweza kumlaza hospitalini mtoto mwenye aina hiyo, kwa kuwa yana kemikali zinazogeuka sumu kali ya oksijeni zikishasagwa tumboni.

Hapa kipimo hudanganya. Mgonjwa wa A− akipimwa G6PD wiki ya kuanguka kwa damu, chembe kongwe zimekwisha kufa na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Jibu linaweza kuwa la kawaida, na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani akiamini hana tatizo. Kipimo cha maana hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, chembe zikishazeeka. Kosa jingine linawahusu wanawake. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, ikiwa na kasoro basi chembe zake zote zina kasoro. Mwanamke mwenye moja nzuri na moja mbovu huwa na mchanganyiko wa chembe za aina mbili, na kipimo cha kawaida cha doa linalong'aa hutambua tu upungufu mkubwa, chini ya asilimia 30 hivi ya nguvu ya kawaida. Mwanamke mwenye nusu anapita kama mzima, ilhali nusu ya chembe zake zinaweza kudhurika.

Afrika ilijifunza hili kwa dawa iliyochanganya kloroproguanili na dapsoni, iliyotumika kutibu malaria katika baadhi ya nchi na kuondolewa mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kwamba iliwapunguzia damu kwa hatari watoto wenye upungufu wa G6PD. Kwa watoto wachanga kuna vitu vya nyumbani vya kuogopwa zaidi. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa sandukuni kulinda nguo hutoa mvuke unaoingia mwilini, na mtoto akivishwa nguo hizo bila kufuliwa na kuanikwa anaweza kupata umanjano mkali. Hina, ikipakwa eneo kubwa la ngozi ya mtoto mchanga, imewahi kuleta madhara yaleyale. Umanjano wa siku za mwanzo ukizidi huharibu ubongo, kwa hiyo mtoto anayegeuka manjano hadi miguuni au asiyenyonya vizuri ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Katika sferositosisi kimeng'enya ni kizima na hakuna dawa ya kuepuka. Tatizo ni protini zinazoushikilia utando juu ya wavu ulio chini yake: spektrini, ankirini na ile iitwayo bendi ya 3. Moja ikipungua, sehemu za utando hukosa mahali pa kushika, hujitenga vipovu vidogo vidogo na kupotea. Eneo la utando hupungua lakini ujazo wa ndani haupungui kwa kiasi hicho, na umbo pekee linalobaki ni tufe. Kisahani chenye upana wa mikromita 7 hadi 8 hujikunja kikapita kwenye nyufa za bandama zenye upana wa mikromita moja au mbili. Tufe halina utando wa ziada wa kujikunjia. Hukwama humo, penye asidi nyingi na glukosi kidogo, hupoteza utando zaidi, na mwishoni humezwa.

Jaribio la kubadilishana damu hapa lilitoa jibu la pande mbili. Chembe za mgonjwa zikiingia kwa mtu mzima hufa haraka, na za mtu mzima huishi muda wake wote ndani ya mgonjwa, kwa hiyo kosa liko kwenye chembe. Lakini chembe za mgonjwa zikipewa mtu aliyetolewa bandama, huishi karibu maisha ya kawaida. Kasoro ipo, ila haiui bila bandama.

Dalili zake ni umanjano wa kuja na kuondoka, bandama iliyovimba, na vijiwe vya nyongo katika umri mdogo, kwa sababu hemoglobini inayovunjwa kila siku huishia kwenye nyongo. Kwa kawaida mzazi mmoja naye anao. Tufe huonekana pia katika ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia chembe zake, hivyo kipimo cha Kumbsi hutangulia; katika sferositosisi ya kurithi huwa hakionyeshi kitu. Hatari ya ghafla ni virusi vya parvo B19, vinavyosimamisha uboho kwa siku kadhaa. Kwa mtu wa kawaida hazitambuliki. Kwa mwenye chembe zinazoishi siku 20, damu huporomoka.

Kutoa bandama hurefusha maisha ya chembe, japo zinabaki tufe. Kwa mwenye upungufu wa G6PD upasuaji huo kwa kawaida haufanywi: chembe zake huharibika kutoka ndani, nyingi mishipani, na kati ya mashambulizi hahitaji tiba yoyote. Hata kwa sferositosisi, mwenye ugonjwa mwepesi huachwa na bandama yake, na mtoto mwenye ugonjwa mkali husubirishwa, ikiwezekana, hadi apite miaka sita, kwa kuwa bandama ndiyo huchuja bakteria wa nimonia kutoka kwenye damu na husaidia kupambana na malaria. Chanjo hutolewa wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji, na homa yoyote baada yake, hata miaka mingi baadaye, hutibiwa kama dharura.