Upepo Usiofika Upande wa Pili

Bakuli dogo la kuwekea skrubu limetoka kwenye printa ya 3D. Ukilizungusha mkononi, sehemu kubwa ya ukuta wake ni safi, tabaka zimelaliana vizuri. Kisha unafika upande mmoja na mambo yanabadilika: chini ya ukuta plastiki imelegea na kuning'inia, ukingo umejikunja kwenda juu, na wakati wa kuchapa nozeli ilikuwa inaugonga kila ilipopita hapo. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kwenye programu. Wanaongeza kasi ya feni, wanashusha joto, wanapunguza mwendo. Lakini mipangilio hiyo inatumika sawasawa kulizunguka bakuli zima, na kama ingekuwa na kosa, bakuli lote lingeharibika. Ubaya uliokaa upande mmoja una chanzo kilichokaa upande mmoja. Mara nyingi chanzo chenyewe ni kile kipande kinachoupeleka upepo wa feni kwenye kazi inayochapwa, yaani bomba la hewa.

Kichwa cha printa za aina hii huwa na feni mbili, na watu huzichanganya. Moja inapoza sehemu ya juu ya kichwa ili filamenti isilainike kabla ya wakati wake. Hiyo huzunguka muda wote nozeli ikiwa ya moto. Ya pili ndiyo tunayoizungumzia. Inapuliza plastiki iliyokwisha kutoka kwenye nozeli, na kasi yake inaamuliwa na programu, tabaka kwa tabaka. Kwenye tabaka la kwanza kwa kawaida huzimwa ili plastiki ishike kitandani, kisha huwashwa.

Plastiki ya PLA, ambayo ndiyo wengi wanaanzia, hutoka kwenye nozeli ikiwa na takriban nyuzijoto 200 na huendelea kuwa laini hadi ishuke karibu na 60. Muda wa kushuka huko ndio wa hatari. Mstari wa plastiki uliolazwa juu ya tabaka lililo chini yake hauna shida, kwa sababu umebebwa. Ukuta unaolala kwenda nje una shida. Chukua tabaka la unene wa milimita 0.2 na mstari wa upana wa milimita 0.4. Ukuta ukiinama digrii 45 kutoka wima, kila tabaka linatokeza milimita 0.2 kupita lile la chini, kwa hiyo nusu ya mstari imekalia kitu na nusu iko hewani. Ukiinama digrii 60, tabaka linatokeza karibu milimita 0.35, na kilichobaki cha kukalia ni ukanda mwembamba kuliko unene wa karatasi. Mstari huo unashikiliwa ubavuni na jirani yake tu. Usipoganda upesi, unaanguka. Na hata usipoanguka, plastiki ikipoa husinyaa. Tabaka jipya linaposinyaa juu ya tabaka ambalo bado ni laini, linauvuta ukingo kwenda juu. Ndipo nozeli inapokuja kuugonga kwenye mzunguko unaofuata.

Kwa hesabu hiyo hiyo, tabaka la milimita 0.12 kwenye ukuta wa digrii 60 linatokeza milimita 0.2 tu, sawa na tabaka nene kwenye digrii 45. Kupunguza unene wa tabaka ni dawa ya kweli ya ukuta unaoinama, ingawa kazi itachukua muda mrefu zaidi.

Turudi kwenye bakuli letu. Kitako chake ni duara, na ukuta wake umeinama digrii 60 pande zote. Umbo la namna hii ni kipimo kizuri, kwa kuwa kila upande unaiomba feni msaada ule ule. Kabla ya kulitoa kitandani, weka alama kwa kalamu upande unaokutazama wewe. Ukilitoa bila alama umepoteza ushahidi wote. Tuseme ubaya uko upande wa kulia wa mashine. Sasa tazama kichwa cha printa: upepo unatoka wapi? Kwenye mashine kama Ender 3 ya Creality, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018 na kuenea sana, blowa moja hupuliza kutoka ubavu mmoja wa nozeli. Ukuta unaoielekea blowa hupigwa na upepo moja kwa moja. Ukuta wa upande wa pili umejificha, kwa kuwa upepo unapita juu ya ukingo na sehemu ya chini inayohitaji kuganda haiguswi. Basi ubaya ukiwa upande ulio mkabala na mdomo wa bomba, mshukiwa ameonekana.

Kama kazi si ya duara, ichape mara mbili. Mara ya pili igeuze digrii 180 kwenye programu na usibadilishe kingine chochote. Ubaya ukihama pamoja na umbo, tatizo liko kwenye umbo lenyewe: labda ukuta ule umeinama zaidi ya mwingine. Ukibaki upande ule ule wa mashine, umbo halina hatia.

Kuna mshukiwa mwingine anayefanana sana na bomba, na kwenye joto la mwambao yumo karibu kila chumba: pangaboi, au feni ya meza iliyoelekezwa kwa fundi. Upepo wake unapoza upande mmoja wa kazi na kuuacha mwingine. Izime, funga dirisha, uchape tena. Usiporidhika, igeuze printa yenyewe juu ya meza ielekee upande mwingine. Ubaya wa bomba utageuka pamoja na mashine. Ubaya wa upepo wa chumba utabaki ukielekea ukuta ule ule wa chumba. Hewa ya chumba ina jambo jingine pia. Feni ya printa haitengenezi baridi, inapuliza hewa iliyopo. Plastiki ikiwa kwenye nyuzijoto 60, hewa ya nyuzijoto 20 iko chini yake kwa 40, wakati hewa ya 32 iko chini yake kwa 28 tu, na kasi ya kupoa inafuata tofauti hiyo. Ndiyo maana mipangilio iliyonakiliwa kutoka kwa mtu anayechapa kwenye baridi huenda isitoshe Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari. Lakini upungufu huo huonekana pande zote kwa usawa, hivyo hauwezi kuchanganywa na ubaya wa upande mmoja.

Bomba likishukiwa, lipime bila kuchapa. Acha nozeli ipoe kabisa, inyanyue sentimita chache kutoka kitandani, kisha iamuru feni izunguke kwa nguvu zote kwa amri ya kwanza hapa chini. Ya pili huizima.

```
M106 S255
M107
```

Kipimo cha amri hiyo kinaanzia 0 hadi 255, hivyo `M106 S128` ni kama nusu. Shika kipande chembamba cha karatasi ya tishu ukipitishe polepole kuizunguka ncha ya nozeli. Pale upepo unapofika, karatasi itapeperuka, pasipofika, italala. Pima milimita moja au mbili chini ya ncha, kwa kuwa kazi iko hapo. Bomba lenye midomo miwili hushangaza watu kwenye kipimo hiki. Kwa macho limekamilika, kushoto na kulia, lakini feni ni moja na njia ya mdomo mmoja ni fupi na imenyooka kuliko ya mwenzake, kwa hiyo upepo mwingi unapitia huko. Ukipata karatasi inayopeperuka kwa nguvu upande mmoja na kutikisika tu upande wa pili, umepata jibu la bakuli lako.

Sababu za upepo kupotea si nyingi. Uzi wa plastiki ulionaswa ndani ya bomba, vumbi lililoganda kwenye mapanga ya blowa, au bomba lililochapwa kwa PLA na kulainika karibu na kitako cha joto hadi mdomo ukajikunja. Sababu nyingine ni kubadilisha nozeli: mpya ikiwa ndefu au fupi kidogo, mdomo wa bomba unabaki ulipokuwa na upepo unapita juu au chini ya mahali unapotakiwa. Tena, feni ya kawaida yenye mapanga ya wazi haifai kusukuma hewa kwenye njia nyembamba. Inapokutana na kizuizi, upepo unamrudia kwa nyuma. Blowa imeundwa kwa kazi hiyo.

Upepo unaolenga juu mno una alama yake, na unaisoma kwenye skrini. Tabaka la pili likianza na feni ikiwaka, tazama joto la nozeli. Likiteremka kutoka 205 hadi 195 na kuhangaika kurudi, hewa inapiga kitako cha joto badala ya kazi. Likishuka zaidi, mashine inaweza kujisimamisha kwa usalama na kuandika `THERMAL RUNAWAY`. Hapo kuongeza kasi ya feni kunazidisha ugonjwa. Lenga mdomo chini zaidi, na ukivike kitako kifuniko chake cha silikoni.

Madaraja yanahitaji macho tofauti kidogo. Daraja ni uzi unaovutwa hewani kati ya nguzo mbili bila chochote chini yake, na uzi mwembamba hupoa haraka ukipata upepo. Chapa mawili ya urefu mmoja: moja likienda kushoto kulia, jingine mbele nyuma. Yakilegea yote kwa usawa, niache bomba kwanza niangalie joto na kiasi cha plastiki, kwa kuwa uzi mzito huzama kwa uzito wake hata kwenye upepo mzuri. Likilegea moja tu, hasa lile ambalo nguzo yake inaukinga upepo, narudi kwenye bomba.

Bomba likisharekebishwa, ndipo kasi ya feni inapokuwa na maana ya kupangwa. PLA inapenda nguvu zote. PETG huanzia kati ya asilimia 30 na 50, ikiongezwa kwenye madaraja tu, kwa kuwa ikipozwa mno tabaka zake hazishikani. ABS hupewa kidogo sana au isipewe kabisa, la sivyo inapasuka kati ya tabaka na pembe zake kunyanyuka kitandani. Kujua kama umezidisha, chapa kipande chembamba kilichosimama ukivunje kwa mkono: kikikatika kirahisi kwenye mstari ulionyooka kati ya tabaka mbili, punguza feni. Na ukuta unaoinama kupita digrii 65 kwa tabaka la milimita 0.2 unalazwa hewani kabisa. Huko feni na bomba zuri kuliko yote havitoshi kutegemewa. Weka nguzo za kuushikilia, au ugeuze umbo kabla ya kuchapa.