Fahamu: Kabla ya kupakia hati ya shamba kwenye akili bandia

Tuseme uko Sigowet na unataka ChatGPT ikufafanulie hati ya shamba la chai. Hati hubeba jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya kiwanja, yaani vitu anavyovitafuta tapeli wa ardhi. Vifunike kwa karatasi kabla ya kupiga picha. Ukivifunika kwa rangi ya kuchorea ya simu inayopitisha mwanga, maandishi yaliyo chini yake huweza kusomeka picha ikiongezwa mwangaza. Kisha, kwenye mipangilio ya ChatGPT, fungua Data controls, uzime Improve the model for everyone. Kuzima hakurudishi kilichokwisha kutumika kuufunza mfumo.

Na picha ya mpwa wako akiwa na sare ya shule? Mimi husita kuipakia. Sare hutaja shule, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huitaka kampuni inayochakata data ya mtoto ipate idhini ya mzazi au mlezi. Wewe ni mjomba tu, kamuulize mamake.