Daftari la Stoo Linapoomba Kustaafu

Mtunza stoo wa mkandarasi anayejua kwamba daftari lake limemshinda huwa na maneno mengi moyoni siku anapomwandikia meneja: kurasa zimelowa, mwandiko hausomeki, mafundi wanasukumana dirishani saa moja asubuhi. Yote ni kweli. Ila meneja akimaliza kusoma atakuwa amesikia malalamiko tu, na fedha hazitolewi kwa malalamiko.

Kinachomfanya atoe fedha kimo ndani ya lile daftari lenyewe, kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote lihesabu. Tuseme unachukua miezi mitatu iliyopita na kukuta mistari 412 ya vifaa vilivyotoka, na katika hiyo 57 haina tarehe ya kurudi. Hapa wengi huteleza: wanaandika kwamba vifaa 57 vimepotea. Meneja akiingia stoo na kuikuta drili iliyotajwa imelala kwenye rafu, ombi zima limekufa. Ingia wewe kwanza, kisha pigia simu kila saiti. Katika mfano wetu, vifaa 38 vipo stoo, vilirudishwa bila kuandikwa. Vingine 12 viko saiti. Vilivyobaki 7, vyenye thamani ya shilingi 770,000, havijulikani vilipo, na hivyo ndivyo vya kutajwa.

Hata hao 7 usiwabebeshe daftari wote. Wizi utakuwapo hata penye kompyuta. Ukidai kwamba mfumo utaokoa nusu tu ya hasara, una dai unaloweza kulitetea mezani.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

«YAH: OMBI LA SHILINGI 1,067,000 KUBADILI DAFTARI LA STOO

Ndugu Meneja, naomba idhini ya kiasi hicho ili vifaa vinavyotoka stoo viandikwe kwenye jedwali la kompyuta badala ya daftari. Kwa miezi mitatu iliyopita vifaa 7 vya shilingi 770,000 havijulikani vilipo, baada ya mimi kukagua stoo na saiti zote. Mfumo ukizuia nusu ya hasara ya namna hiyo, gharama itarudi ndani ya miezi 9 hivi. Mchanganuo: kompyuta mpakato iliyotumika 650,000, kuchonga namba kwenye vifaa 80,000, mafunzo 60,000, bando la mwaka 180,000, dharura asilimia 10, yaani 97,000. Kuanzia mwaka wa pili kitabaki bando, pamoja na matengenezo yakitokea. Naomba jibu kabla ya Ijumaa, maana hesabu ya stoo inaanza Jumatatu.»

Kiasi kimewekwa kwenye kichwa cha habari kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la meneja. Bando nalo limetajwa wazi. Gharama inayojirudia ikifichwa, itajitokeza mwezi wa pili mtu akija kuomba fedha nyingine, na imani itakuwa imeondoka.

Huhitaji programu ya kununua. Jedwali la Excel lenye namba ya kifaa, jina lake, aliyechukua, saiti, tarehe ya kutoka (safu ya E) na ya kurudi (safu ya F) linatosha. Safu ya G ihesabu siku ambazo kifaa kimekaa nje:

```
=IF(AND(E2<>"",F2=""),TODAY()-E2,0)
```

Safu ya G ikionyesha tarehe ya mwaka 1900 badala ya idadi ya siku, fomula haina kosa. Badilisha mpangilio wa seli uwe wa namba. Kila Jumatatu panga jedwali kwa safu hiyo kutoka namba kubwa kwenda ndogo, kifaa kilichokaa nje muda mrefu kitapanda juu pamoja na jina la aliyekichukua. Daftari halikuwezi hilo: ili ulijue lazima ufunue kila ukurasa.

Namba ichongwe au ipigwe rangi ya mafuta kwenye bodi ya kifaa. Karatasi ya kubandika haivumilii saruji na grisi, na bila namba grenda nne za aina moja haziwezi kutofautishwa.

Adui mkubwa wa mpango huu ni ile foleni ya asubuhi. Kuchapa jina la kila fundi huku kumi wakisubiri kutamfanya mtunza stoo aseme «nitaandika baadaye», na pengo litarudi pale pale. Majina na saiti viwe orodha ya kuchagua. Umeme ukikatika na betri ikaisha, kijitabu kitumike, kisha kila mstari uingizwe siku hiyo hiyo.

Daftari la zamani liende sambamba na jedwali kwa wiki mbili, si zaidi; kumbukumbu mbili zikizoeleka, kila moja itaandikwa nusu. Baada ya miezi mitatu rudia hesabu ile ile ya mwanzo, mistari isiyo na tarehe ya kurudi na vifaa visivyoonekana, umpelekee meneja majibu hata kama hayakupendezi.